Kwa Ufisadi Mkubwa: Tunacheka Nini Neno Linapokosewa?

Mtu anasimama mbele ya ukumbi, anamsifu mgeni kwamba "anazungumza lugha tatu kwa ufisadi mkubwa", na ukumbi mzima unaangua kicheko. Dakika chache baadaye anasimama mwingine, anaomba radhi kwamba amesahau "karamu" yake ya kuandikia, na watu wanacheka tena kwa sauti ile ile. Anayepita nje atadhani wamechekea jambo moja. Aliyemo ndani akitulia ataona kwamba vicheko hivyo ni viwili na vina asili mbili. Cha kwanza kimezaliwa na neno ambalo msemaji alilichagua mwenyewe. Cha pili kimezaliwa na sauti ambayo hakuichagua. Ukiishika tofauti hiyo vizuri, sehemu kubwa ya swali la lini kicheko kinageuka kuwa ukatili inajifungua yenyewe. Sehemu inayobaki ni ngumu zaidi, nayo tutaifikia.

Neno lililokosea mlango

Wanaisimu huliita kosa la kwanza malapropi. Jina hilo limetoka jukwaani, kwa Bi. Malaprop, mhusika aliyebuniwa na Richard Brinsley Sheridan katika tamthilia ya vichekesho iliyoonyeshwa London kwa mara ya kwanza Januari 1775. Sheridan alilitoa katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya "isivyofaa". Bi. Malaprop ni mlezi mkali anayependa maneno mazito, na hulitumia kila neno zito kama fimbo ya kuwanyamazishia wengine. Katika mstari wake unaokumbukwa sana, analalamika kwamba msichana anayemlea ni mkaidi kama "istiari kando ya Mto Nile". Alikusudia mnyama wa jamii ya mamba, ambaye jina lake la Kiingereza, alligator, limekaribiana sana na allegory, neno la Kiingereza la istiari. Kosa lenyewe lina umri mrefu kuliko jina: mwishoni mwa miaka ya 1590 Shakespeare alikuwa tayari amemleta jukwaani Dogberry, mkuu wa walinzi wa mji, anayetoa amri kwa maneno ambayo kila moja limechukua nafasi ya jirani yake.

Jirani ndilo neno la kushika hapa. Mwaka 1977 David Fay na Anne Cutler walichapisha uchambuzi wa makosa ya namna hii waliyoyakusanya katika mazungumzo ya kawaida, na wakaona utaratibu ambao si rahisi kuudhania. Neno lililotamkwa kwa makosa karibu daima lilikuwa la aina moja na neno lililokusudiwa: nomino kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi. Mara nyingi yalikuwa na idadi moja ya silabi, na mkazo uliangukia mahali pale pale. Maelezo yao ni kwamba kichwani maneno hupangwa pia kwa sauti zake, na mtu anayelitafuta neno anaweza kunyoosha mkono akachukua lililo kando yake.

Tazama "ufasaha" na "ufisadi" kwa kipimo hicho. Yote mawili ni nomino zinazoanza na u. Yote yana silabi nne, u-fa-sa-ha na u-fi-sa-di, na mkazo umekaa kwenye "sa" katika yote mawili. Sauti ya f iko mahali pamoja, sauti ya s iko mahali pamoja. Masikio ya msikilizaji yanapopokea "ufisadi", umbo la "ufasaha" linaamka papo hapo, na maana mbili zinagongana ndani ya kichwa kimoja kwa wakati mmoja. Kicheko kinatoka katika mgongano huo. Badala ya hapo weka neno lisilo jirani, kwa mfano "anazungumza lugha tatu kwa magunia makubwa", na hakuna atakayecheka, kwa sababu hakuna neno la pili lililoamka. Watu watadhani tu kwamba wamesikia vibaya.

Mwaka 1979 mwanaisimu Arnold Zwicky aliyagawa makosa haya mafungu mawili, na mgawanyo wake una faida hata kwa asiye mwanaisimu. Fungu la kwanza ni la ulimi kuteleza: msemaji analijua neno sahihi, limemponyoka tu. Fungu la pili ni la mtu anayeamini kwamba neno alilotamka ndilo lenyewe. Kuyatenganisha ni kazi ya sekunde moja. Mrudishie neno lake kwa swali la upole, "Kwa ufisadi?" Aliyeteleza atashtuka na kusema, "La, la, kwa ufasaha!" na huenda akawa wa kwanza kucheka. Asiyejua atajibu, "Ndiyo, kwa ufisadi mkubwa sana," na ataongeza sauti.

Vichekesho vya jukwaani vinaishi kwa fungu hili la pili. Aliyeteleza hana kina. Kosa lake ni ajali, na ajali ikirudiwa mara tatu inachosha. Asiyejua lakini anajiamini ana tabia nzima nyuma yake: anataka aonekane msomi, anapenda kusikilizwa, na kila neno zito analolirusha linafichua kile alichotaka kukificha.

Jinsi sentensi ya kuchekesha inavyojengwa

Chukua mwenyekiti wa kamati anayemkaribisha mgeni rasmi. Hotuba yake ya kubuni inakwenda hivi: "Mgeni wetu alipomaliza masomo hakupumzika. Miaka mitatu tu baada ya kuingia, alikuwa ameshahujumu chuo kikuu. Leo anazungumza lugha tatu, na zote anazizungumza kwa ufisadi. Basi tusimame, tumpokee kwa hasama."

Alitaka kusema "ameshahitimu", "kwa ufasaha" na "kwa hamasa". Kuhitimu na kuhujumu vina silabi nne kila kimoja, na baada ya ku vyote vinafuata na h na kuishia kwa mu. Hamasa na hasama vimezidi hapo, kwani vina sauti zile zile zilizobadilishana viti. Lakini kufanana kwa sauti ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba maana mpya lazima iwe na pa kusimama. Mgeni aliyehujumu chuo, anayetenda ufisadi katika lugha tatu, na ambaye sasa watu wanaombwa wampokee kwa uadui, tayari ni hadithi, na hadithi hiyo ni kinyume kabisa cha sifa alizokusudiwa. Maneno matatu ya makosa yanavuta kamba upande mmoja. Kama neno moja lingempa mgeni uhalifu na jingine likawa la samani au la mvua, msikilizaji angecheka vipande vipande bila kicheko kukua.

Angalia pia mahali maneno hayo yalipowekwa. "Kwa ufisadi" na "kwa hasama" yamekaa mwisho wa sentensi, ndipo msikilizaji apate nafasi ya kucheka bila kupitwa na kinachofuata. "Ameshahujumu" haliko mwisho, lakini baada yake kuna maneno mawili tu, "chuo kikuu", ambayo ndiyo yanayothibitisha kosa. Sentensi ya kwanza haina kosa lolote, na haikuwekwa kwa bahati: inamthibitishia msikilizaji kwamba mzee huyu anajua kusema, ndipo kosa linapokuja liwe na kimo cha kuangukia. Waandishi wachanga huharibu hapa. Wanajaza kosa katika kila neno la tatu, na kufikia sentensi ya pili msikilizaji ameacha kufuatilia maana na anasubiri kelele tu. Kosa moja kwa sentensi linatosha, na sentensi safi katikati yake haipotezi kitu.

Kosa jingine la waandishi ni mhusika wa pili kulisahihisha neno kwa sauti: "Ufasaha, mwenyekiti, si ufisadi!" Kazi ya kulitafuta neno lililofichika ilikuwa ya msikilizaji, na ndiyo iliyompa raha. Ukimtafutia wewe, umemnyang'anya. Inafaa zaidi mgeni mwenyewe akohoe kidogo, au katibu aache kuandika kwa sekunde mbili, kisha aendelee.

Sasa jambo ambalo linatuingiza katika upande wa pili. Hotuba hiyo inachekesha bila lafudhi yoyote. Mwigizaji wa asili yoyote anaweza kuisoma kwa matamshi safi kabisa na isipungue hata chembe. Tuseme mwigizaji mmoja aone kwamba inahitaji chumvi, akaongeza "kalibuni kwenye shelehe yetu". Isome sentensi hiyo kwa matamshi ya kawaida: "karibuni kwenye sherehe yetu." Hakuna kilichobaki. Hakuna neno la pili lililoamka, hakuna maana iliyogongana na nyingine. Kicheko kilichopatikana pale kilikuwa cha kuwatambua watu fulani, yaani "wale wanaosema hivyo", na kuwatambua kama watu wa kuchekwa.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza ambacho mwandishi wa vichekesho anapaswa kukitumia: ondoa lafudhi, soma tena. Kilichobaki ndicho kichekesho chako. Kama hakikubaki kitu, hukuandika kichekesho, ulinyoosha kidole.

Ulimi, ufizi na masikio ya mtoto

Kwa nini lafudhi isiwekwe fungu moja na neno la makosa? Kwa sababu ya namna inavyozaliwa. Tamka "kalamu", kisha "karamu", polepole. Katika l, ncha ya ulimi inapanda, inashika ufizi wa juu nyuma ya meno na kutulia pale huku pumzi ikipita pembeni mwa ulimi. Katika r ya Kiswahili, ncha hiyo hiyo inakwenda karibu mahali pale pale, inapiga mara moja na kuachia. Sauti hizi mbili ni majirani wa ukuta mmoja. Ziko lugha zinazozihesabu kuwa sauti mbili, na ziko lugha nyingi zinazozihesabu kuwa sauti moja yenye sura mbili, kama vile Mswahili asivyoona tofauti kubwa kati ya r ya kupiga mara moja na r ya kutetema.

Masikio hujifunza hesabu hiyo mapema mno. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walichapisha utafiti wa watoto wachanga wa Kanada wanaokulia katika nyumba za Kiingereza, wakiwasikilizisha sauti za Kihindi na za lugha moja ya asili ya Kanada. Wenye miezi 6 hadi 8 waliweza kuzitofautisha sauti hizo ambazo nyumbani kwao hazikuwa na kazi. Walipofika miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuziona tena tofauti zake. Sikio lilikuwa limeshaamua ni tofauti zipi za kushika na zipi za kupuuza. Kwa hiyo mtu mzima anayesema "karamu" akikusudia kalamu anabeba uamuzi uliofanyika kabla hajaanza kutembea. Mara nyingi hasikii kosa lenyewe. Ukimwambia, "Si karamu, ni kalamu," kwake umetamka neno moja mara mbili kwa hasira.

Hadithi ya dh, th na gh inafanana na hiyo. Sauti hizo zimeingia Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu: dhambi, thamani, ghali. Dh inataka ncha ya ulimi ijitokeze katikati ya meno, na lugha nyingi hazina kabisa sauti ya namna hiyo. Ulimi usiyoizoea hutua kwenye z, na dhambi ikawa zambi.

Hapa kicheko huleta madhara ambayo wachekaji hawayatarajii. Aliyechekwa mara nyingi kwa "zambi" huanza kujihami. Anajua kuna dh mahali fulani, hajui ni wapi, basi anaitia hata pasipo na haja: zawadi inakuwa "dhawadi", zamani inakuwa "dhamani". Wanaisimu wanaujua mtindo huu kama usahihishaji wa kupita kiasi, na ukiusikia kwa mtu unaweza kukisia kwamba kuna siku alichekwa. Anachekwa tena sasa, kwa kosa lililotengenezwa na kicheko cha awali.

Anayeigiza lafudhi za watu naye hufichuliwa na elimu hii. Katika Kiganda, kwa mfano, l na r ni sauti moja inayofuata kanuni: baada ya e na i husikika r, kwingineko l. Kanuni ya aina hiyo ikivuka na mtu kuingia Kiswahili, "hatari" itaelekea kuwa "hatali", lakini "sherehe" itabaki sherehe, kwa kuwa r yake tayari imetanguliwa na e. "Shilingi" itaelekea kuwa "shiringi". Bila shaka watu hawalingani, na aliyeishi sana na Kiswahili huenda asibadilishe chochote. Hata hivyo, mchekeshaji anayempachika mtu huyo "shelehe" hamwigi mtu yeyote aliye hai. Amezichukua sauti mbili akazibadilisha ovyo, akaita matokeo yake kabila. Aliyekulia ndani ya lafudhi akaiigiza, au aliyeisikiliza kwa heshima, huigiza kanuni yake, na kwa kawaida hana haja ya kuiegemea ili achekeshe, kwa sababu anazo hadithi za watu wenyewe.

Kicheko cha kwanza na cha pili

Sehemu ngumu ni maneno kama karamu, ambapo matamshi yameangukia juu ya neno jingine halisi. "Twende tukapige kula." "Bado sijalipa mahali, wakwe wananisubiri." Hapa kipimo cha kuondoa lafudhi hakitoi jibu safi, maana lafudhi ndiyo iliyozaa mgongano wa maana, na mgongano huo ni wa kweli. Msikilizaji ameona picha ya watu wakienda kukipiga chakula ngumi. Akitabasamu, amefanya kile ambacho ubongo wake ulifanya bila kumwomba ruhusa.

Mimi sioni kosa katika kicheko hicho cha kwanza. Hutoka kabla ya mtu kuamua, na mara nyingi msemaji mwenyewe akielezwa hucheka pamoja na wengine. Kinachostahili kuangaliwa ni cha pili, kile kinachokuja baada ya pumzi moja. Mtu analirudia neno kwa sauti ya kuiga. Mwingine kando anaongeza, "Tukapige kula na kunywa." Kufikia hapo hakuna aliyeshtukizwa. Maana imeshaeleweka, kila mmoja anajua kwamba ni kura, na kinachorudiwa ni mtu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na jipu hili hutungia hasa katika kurudia: jina la utani linalotokana na neno alilokosea siku moja, salamu ya kila asubuhi inayoanzia na neno hilo, mgeni mpya anayesimuliwa kisa hicho kabla hajaambiwa jina la mtu.

Dalili za kwamba umefikia huko huonekana kwa anayechekwa, lakini usizitafute katika uso wake. Uso utacheka, kwa sababu asiyecheka huambiwa hajui mzaha. Zitafute katika maneno yake. Aliyeumia huanza kuyakwepa maneno yenye sauti ile. Badala ya "kura" atasema "uchaguzi". Badala ya "fedha" atasema "pesa". Sentensi zake zitafupika, ataanza kumnong'oneza jirani ili jirani amsemee, na katika vikao atakuwa mtu wa "nakubaliana na waliotangulia". Ukiona mtu aliyekuwa na maoni marefu amekuwa wa kukubaliana tu, rudisha kumbukumbu nyuma utafute alichekwa lini.

Kwamba matamshi yanaweza kuwa mpaka wa kutenga watu ni jambo la kale kuliko vichekesho. Katika Biblia, sura ya 12 ya Waamuzi, watu wa Gileadi wanavishika vivuko vya Yordani na kumwambia kila anayetaka kuvuka atamke "Shibolethi". Mwefraimu, mtu wa kabila walilokuwa wakipigana nalo, alitamka "Sibolethi", kwa kuwa hakuweza kuitamka vile, na hapo alijulikana na kuuawa. Masimulizi yanataja watu 42,000. Tofauti ya sh na s katika neno moja ilitosha. Sifananishi ukumbi wa vichekesho na kivuko kile, lakini kinachofanyika masikioni ni kile kile: sauti inasikilizwa ili mtu apangwe upande, na alichotaka kusema kinaachwa.

Hata pasipo uadui wowote, kuachwa huko kuna gharama. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwasikilizisha watu sentensi za maarifa ya kawaida, kama ile kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia, na kuwauliza kama ni za kweli. Sentensi zilizosomwa kwa lafudhi ya kigeni zilipewa alama ndogo za ukweli kuliko zilizosomwa kwa lafudhi ya wenyeji, ingawa wasikilizaji walijua kwamba msomaji anasoma tu kilichoandikwa na mwingine. Watafiti waliona chanzo chake katika ugumu wa kusikiliza: kinacholeta taabu kidogo kueleweka huonekana kina ukweli kidogo. Mwenye lafudhi basi anaanza kuzungumza akiwa na deni ambalo hakulikopa, na kicheko huliongezea riba.

Kusahihisha, na wakati wa kutosahihisha

Neno lililokosewa na lafudhi vinahitaji mikono miwili tofauti. Neno kama "hujumu" ni kosa la maarifa, na mwenyewe angependa kulijua, kwani kesho atalisema mbele ya watu wengi zaidi. Njia nyepesi ni kulirudisha likiwa sahihi ndani ya jibu lako bila kusimamisha mazungumzo: "Kumbe alihitimu kwa miaka mitatu tu?" Walimu wa lugha wanaitumia sana. Lakini Roy Lyster na Leila Ranta, waliochunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada na kuchapisha matokeo mwaka 1997, walionyesha kwamba njia hii, iliyotumiwa na walimu kuliko nyingine zote, ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajisahihishe mara chache zaidi. Mwanafunzi husikia kwamba amekubaliwa, hasikii kwamba amesahihishwa.

Kwa hiyo ina kazi mbili tofauti. Mbele ya watu, itumie, kwa sababu inamwokoa msemaji na inawapa wasikilizaji neno sahihi. Usitarajie kwamba amejifunza. Kumfundisha kunataka mkiwa wawili, baada ya kikao, neno moja tu hata kama yalikuwa manne, na umpe maneno yote mawili pamoja na maana zake: "Kuhitimu ni kumaliza masomo. Kuhujumu ni kuharibu kwa siri." Ukimpa lililo sahihi peke yake, lile jirani litabaki bila alama na siku moja litachukuliwa tena.

Lafudhi iache. Ikiwa tu maana inaweza kuleta hasara, kwa mfano jina la mtu, kiasi cha dawa, namba au mahali pa kukutana, uliza uhakikishe, na uulize kuhusu jambo lenyewe bila kugusa sauti: "Mahali pa kikao, au mahari ya kijana?" Mwenyewe akikuomba umfundishe, anzia masikioni kabla ya mdomo. Andika kalamu na karamu kwenye vipande viwili vya karatasi, tamka moja, naye aonyeshe ulilotamka. Badilisha mpangilio, ongeza jozi za mahali na mahari, kula na kura, na watafute watu wengine watatu au wanne wenye sauti tofauti wafanye hivyo hivyo, maana sikio lililozoezwa kwa sauti ya mtu mmoja hujifunza sauti ya mtu huyo tu. Kumwambia atamke r mara mia kabla hajaisikia ni kumtafutia aibu mpya.

Kuna hali moja ambayo haimo katika mafungu yote hayo. Mtu mzima aliyezoea kusema vizuri akianza ghafla kuchanganya maneno, akaita kikombe mlango, au maneno yake yakawa mazito kama ulimi umevimba, usicheke na usisahihishe. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi. Mtazame uso kama umeshuka upande mmoja, mwambie anyanyue mikono yote miwili uone kama mmoja unaanguka, na afikishwe hospitali mara moja hata kama maneno yamerudi, kwa kuwa matibabu yanayoweza kuuokoa ubongo hufaa zaidi katika saa chache za mwanzo.

Turudi kwenye kikao cha kawaida, mahali ambapo mambo haya hukutana zaidi. Mwanachama mmoja anasimama na kusema, "Mwenyekiti, nimeangalia vitabu, naona feza za kikundi zimepungua na hakuna alieandika." Kutoka nyuma mtu anarudia, "Feza!" na watatu wanne wanacheka. Katika sekunde hiyo mwenyekiti ana njia tatu. Akicheka nao, hoja ya vitabu imekwisha, na kama kuna aliyezichukua fedha hizo, ameokolewa. Akiwakemea wachekaji, kikao kitageukia adabu, msemaji atasimama pale akiwa mada ya mjadala, na vitabu vitasahaulika vile vile. Njia ya tatu ni kumtazama msemaji, asiwatazame waliocheka, akaupokea mzigo wa hoja kwa neno lililo sahihi kana kwamba hakuna kilichosikika: "Fedha hizo zimepungua kiasi gani, na tangu mwezi gani? Katibu, andika."